Nilimshukuru muuguzi mmoja mbele ya wote, kituo kizima kikanuna. Nyie mnashukuruje watu wenu?

#1 Mama Wodi
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya huku wilaya ya Chamwino. Tuko 19 ukihesabu na walinzi. Nina jambo linaloninyima raha mwezi wa pili sasa.

Kuna usiku mama mmoja alijifungua vizuri tu, mtoto akalia, kila mtu akapumua. Baada ya muda mfupi akaanza kutoka damu nyingi. Muuguzi wa zamu ndiye aliyeshtuka, kwa sababu hakuridhika na mama kusema "niko sawa". Alifunua shuka akakuta imeloa mpaka chini. Akakanda mfuko wa uzazi, akatoa mkojo kibofu kikawa kitupu, akaweka dripu, akaongeza oksitosini ya kubana mfuko wa uzazi, akaagiza gari liwashwe likae tayari. Ilipofika saa kumi alfajiri damu imekata, na yule mama hakuhitaji hata rufaa. Mnaoijua njia yetu wakati wa mvua mnaelewa maana yake, korongo likijaa gari halipiti.

Asubuhi nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp hivi: "Hongera sana dada yetu kwa kujitoa usiku wa leo. Umeokoa maisha. Wengine tuige mfano huu."

Watu 19, wakajibu wawili. Tangu siku hiyo wanamwita "mtoto wa mfawidhi". Juzi amekuja ofisini kuomba nisimpange zamu na wenzake fulani. Bajeti ya zawadi sina, na kunyamaza mtu akiokoa roho siwezi. Nilikosea wapi?

#2 Kizota Boy
Hujakosea popote dada. Huo ni wivu. Ukimsifia mtu mmoja mbele ya watu kumi na tisa umetengeneza maadui kumi na saba, ndivyo tulivyo. Halafu si mna OPRAS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi? Mpe alama zake za juu humo kimyakimya, mambo yaishe.

#3 Bwana Posho
Naomba niseme ukweli. Watumishi wa afya wanadai saa za ziada miezi na miezi, halafu unawaletea hongera za kwenye simu. Walipe watu posho zao, hutaona mtu amenuna. Hongera hainunui unga.

#4 Mama Wodi
Kaka #3, posho si mimi ninayeidhinisha, ningeweza ningeshatoa. Nauliza kile ambacho kiko mikononi mwangu.

#5 Mzee wa Mafaili
Wanangu, salaam. Nimekuwa afisa utumishi miaka mingi kabla ya kustaafu, nimefungua mafaili ya watu wengi na nimesuluhisha minuno ya namna hii mingi tu.

Kizota Boy, OPRAS ilianza 2004 na imeshaondolewa. Watumishi wa umma sasa wanapimwa kwenye PEPMIS, mtu anaingiza kazi zake na msimamizi anazipitia humo. Lakini alama si shukrani. Alama inasema umefikia lengo. Shukrani inasema nimekuona ulichofanya. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza miaka kumi asiwahi kuipata ya pili.

Sasa Mama Wodi, soma tena ujumbe wako. Sentensi mbili za kwanza zinamhusu yule muuguzi. Ya tatu haimhusu. "Wengine tuige mfano huu" ni karipio kwa watu 17, umelifunga ndani ya pongezi ya mtu mmoja, na yeye ndiye uliyemtwika alibebe. Wao hawakumnunia kwa sababu amesifiwa. Wamenuna kwa sababu wameambiwa hawafanyi kazi, tena na mtu ambaye hakuwepo usiku ule.

Halafu nikuulize: usiku ule kituoni walikuwepo wangapi?

#6 Binti Kondoa
Mzee #5 umenigusa. Mimi nipo maabara kituo kingine. Mwaka juzi bosi alinisimamisha kwenye kikao akasema "huyu ndiye anayejua kazi hapa". Nilitamani ardhi ipasuke. Kazi yenyewe aliyoisifia tuliifanya wawili, mwenzangu kakaa kiti cha pili kulia kwangu anaangalia meza. Bosi alidhani amenipa zawadi. Nilitumia wiki tatu kumwomba mwenzangu msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya.

Kwa hiyo kabla ya kumsifia mtu hadharani, muulize. Wengine hatupendi.

#7 Mama Wodi
Mzee wangu shikamoo. Nimekaa nikahesabu. Walikuwepo watano. Muuguzi mwenyewe, mhudumu wa afya aliyekuwa anamshikia taa maana umeme ulikatika kama dakika ishirini, kijana wa maabara aliyeamshwa kwake kuja kupima kundi la damu, dereva, na mlinzi.

Nimeandika jina la mmoja. Kweli sikuliona hilo.

#8 Dereva Mstaafu
Unaona sasa! Dereva kakaa kwenye gari linalounguruma kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri, haendi popote, halali. Kwa sababu safari haikutokea basi hakufanya kitu. Nimeendesha ambulensi, hii hadithi naijua nje ndani.

#9 Ticha wa Kongwa
Shuleni kwangu tulitatua kwa kuondoa macho ya mkuu kabisa. Tukaweka cheti cha mahudhurio kila mwezi. Ukifika kabla ya saa moja na nusu siku zote, unapata. Hakuna upendeleo, daftari la mahudhurio ndilo linaloongea. Mama Wodi jaribu hivyo, kigezo kiwe wazi.

#10 Kizota Boy
Ticha, hebu sema ukweli, wanaobaki mpaka vipindi vinaisha ni wangapi? 😂

#11 Ticha wa Kongwa
Umenishika pabaya mdogo wangu. Mwezi wa tatu nilianza kuona mtu anasaini saa moja na robo kisha anatoka kwenda kufungua duka. Na mwingine akichelewa siku moja, tarehe 4 tu, anajua cheti kimeshapotea basi mwezi wote uliobaki anakuja anapotaka. Lakini lawama za upendeleo ziliisha, hilo nalisimamia.

#12 Msomi wa Ng'ong'ona
Ticha, hayo hayajakupata peke yako. Marekani kuna kampuni ya kufua nguo za viwandani yenye matawi matano, tawi moja likaanzisha tuzo ya mahudhurio kama yako. Watafiti walipochambua kumbukumbu wakakuta watu wanawahi pale tu wanapokuwa bado na nafasi ya kushinda, na mtu akiona atachelewa anapiga simu anaumwa ili asiharibu rekodi. Lililonishangaza zaidi ni wale waliokuwa wanawahi siku zote kabla ya tuzo kuwepo. Kasi yao ya kazi ilishuka kwa asilimia 6 hadi 8. Walikuwa wanawahi kwa heshima yao wenyewe, ghafla jirani anapewa cheti kwa kufanya mwezi mmoja kile walichofanya miaka bila kutajwa.

Na kuna jingine la karibu na sisi, Zambia, kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya, lilichapishwa 2014. Walitenganisha mambo: kutambuliwa na mwajiri, kuonekana na jamii, na kulinganishwa na wenzako. Mawili ya kwanza yalipandisha ufanisi. Kulinganishwa kuliushusha, hasa kwa wale waliokuwa wa chini. Ndiyo maana naona Mzee #5 kapiga palepale. "Umeokoa maisha" ni kutambuliwa. "Tuige mfano" ni kulinganishwa.

#13 Mchuma Zabibu
Msomi, hao wa Zambia ni wanafunzi, wanasoma wanatawanyika. Kituoni watu wanaishi pamoja, wanakopeshana chumvi, watoto wao wanasoma darasa moja. Sina hakika inafanana.

Mimi nasimamia vijana shambani upande wa Hombolo. Wakati wa mavuno tunapakia kreti usiku ili zabibu ziwahi kufika zikiwa hazijapigwa jua. Kijana akifanya vizuri simsemi mbele ya watu, nampa ofu ya siku moja. Kimya. Hakuna anayejua, hakuna kununa.

#14 Mzee wa Mafaili
Mchuma Zabibu, kwamba hakuna anayejua, hilo usijidanganye. Kijana asipoonekana shambani siku ya kazi wote wanajua, na wasipoambiwa sababu wataitunga.

Lakini nina swali zito zaidi. Hao wanaopakia usiku unawalipaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Na mapumziko ya saa 24 kwa wiki ni haki yake. Kama ofu unayompa ni ile aliyokuwa anadai, hujamshukuru, umemrudishia chake. Vijana wanaijua tofauti hiyo hata kama hawaisemi.

#15 Mchuma Zabibu
Mzee nimekuelewa, hiyo ya usiku nitaiangalia na mwenye shamba. Ofu nazotoa ni juu ya ile ya wiki lakini, niseme hilo.

#16 Mlinzi wa Geti la Pili
Mimi ni mlinzi, si mtu wa kuandika sana. Nimelinda jengo la ofisi moja hapa mjini miaka sita. Kila Mei Mosi wanachagua mfanyakazi hodari, sisi walinzi hatumo kwa kuwa tumeajiriwa na kampuni nyingine. Sawa, tumezoea.

Mwaka wa nne mama mmoja wa masijala alishuka ngazi akaja getini akaniambia: "Jana uliniambia taa ya nyuma ya gari yangu haiwaki. Nilikuwa nasafiri usiku kwenda Singida. Nimetengeneza kabla sijatoka. Asante." Akaondoka. Hakuna karatasi, hakuna soda.

Mpaka leo naangalia taa za magari yote yanayotoka. Na alichonishukuru kilikuwa kidogo. Lakini kilikuwa changu kweli, nilikifanya mimi, jana, na yeye alijua kimemsaidia wapi.

#17 Binti Kondoa
Kaka mlinzi, umesema si mtu wa kuandika sana, na umeandika kuliko sisi wote.

#18 Bwana Posho
Narudi. Nikubali hongera ina kazi yake. Ila Mama Wodi, nikuulize kitu na unijibu kwa ukweli. Huyu muuguzi, miezi mitatu kabla ya hapo, kuna semina yoyote alikwenda?

#19 Mama Wodi
...Ndiyo. Semina ya siku tano Dodoma mjini, ya huduma za dharura za uzazi. Nilimpeleka yeye kwa sababu ndiye anayekaa wodi ya wazazi.

#20 Bwana Posho
Na semina ina posho ya kujikimu. Nilijua tu. Hapo ndipo penye kidonda. Ujumbe wa WhatsApp umekuja kukitonesha tu. Kwa macho yao amepata semina, akapata na pongezi, na yote yametoka mkono mmoja. Hata ungemsifia kwa shairi wangenuna.

#21 Mama Wodi
Lakini semina hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha alichofanya usiku ule!

#22 Mzee wa Mafaili
Ulimwambia nani hivyo, mwanangu? Uliwaeleza watu kwa nini anakwenda yeye, na kwamba akirudi atawafundisha? Bwana Posho nusu anasema kweli. Lakini sikubali kwamba sentensi ile ya tatu haina hatia. Nimeona minuno mahali ambapo hapakuwa na semina wala posho.

Sasa nieleze kitu kimoja nilichokuwa nawafundisha wakuu wa idara, si kitu kikubwa. Chukua daftari, ukurasa wa mwisho andika majina yote 19, na walinzi na wa usafi wamo. Kila unapomshukuru mtu, kwa mdomo au kwa maandishi, weka tarehe mbele ya jina lake na maneno matatu ya sababu. Usimwonyeshe mtu. Usibadilishe mwenendo wako kwa wiki tatu za kwanza. Kisha kaa chini uangalie.

Utaona kuna majina yana tarehe nne na kuna majina meupe. Hapo watu wengi wanakosea, wanakwenda kuwagawia wale weupe shukrani ili hesabu ilingane. Mtu anainusa hiyo mara moja, ni kama kupewa mabaki. Jina jeupe halikuambii "mshukuru huyu". Linakuambia "kazi ya huyu huijui". Nenda kaione kwanza.

#23 Fundi Nzuguni
Mzee, mimi nina gereji na vijana sita, nikianza kuandika daftari la asante mke wangu atadhani nadaiwa 😂 Kwangu nashukuru wote jioni kwa pamoja, "vijana leo mmepiga kazi", tunakunywa chai, tunafunga. Sina malalamiko.

#24 Binti Kondoa
Fundi, na yule aliyekaa siku nzima anachezea simu naye "amepiga kazi"? Yule aliyelala chini ya fuso tangu asubuhi anasikiaje?

#25 Fundi Nzuguni
Hapo umenikalisha dada. Yupo mmoja wa hivyo.

#26 Mama Wodi
Wakuu nimerudi, ni wiki ya nne. Nimefanya kama Mzee alivyosema, na nawaletea matokeo hata kama yananiaibisha.

Katika wiki tatu nilishukuru mara 14. Mara 9 kati ya hizo zilikwenda kwa watu wanne tu, wote wa wodi ya wazazi, wote wa zamu ya asubuhi. Sababu niliielewa hapohapo: ofisi yangu inatazamana na mlango wa wodi ya wazazi. Ninaowaona ndio ninaowashukuru. Maabara sifuri, usafi sifuri, walinzi sifuri. Na kliniki ya mama na mtoto sifuri, wakati ni watu wanaoona kina mama wengi kuliko wodi yoyote.

Nikaamua nisimshukuru mtu, niende tu kuangalia. Nikaanza na kliniki. Kuna dada pale anatunza chanjo, mkimya, miaka mitano hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Kwenye mlango wa friji ya chanjo kuna karatasi ya joto, inajazwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, joto libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Huwa naisaini mwisho wa mwezi bila kuisoma. Safari hii nikavuta kiti nikaisoma mistari yote. Hakuna nafasi tupu hata moja. Jumapili zimejazwa. Sikukuu ya Idi imejazwa, na yeye mwenyewe ni Mwislamu.

Nikamwambia tu: "Nimesoma karatasi yako. Siku ya Idi ulikuja mara mbili." Akanyamaza, akaniuliza, "Umeisoma lini mama?" Nikasema sasa hivi. Akasema anakaa karibu, anatembea tu. Halafu akageuka kupanga makasha ambayo yalikuwa yameshapangika.

#27 Mteknolojia wa Bahi
Dada hongera, ila niweke angalizo la kitaalamu. Karatasi isiyo na nafasi tupu inaweza kuwa imepikwa. Nimekagua vituo, kuna sehemu unakuta nyuzi 5 asubuhi, nyuzi 5 jioni, mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka. Mtu kakaa tarehe 30 kajaza yote. Ukishukuru karatasi kama hiyo, kituo kizima kitajua kwamba mfawidhi anashukuru uongo, na hapo hongera yako haitakuwa na thamani tena kwa yeyote. Umeangalia namba zenyewe?

#28 Mama Wodi
Niliangalia kaka, na nashukuru umeuliza. Zinapanda na kushuka, 4, 6, 5, 3. Kuna jioni moja imeandikwa 7.5 na pembeni "umeme umekatika saa 9, nimehamishia kwenye kisanduku baridi". Nikafungua kitabu cha ripoti cha zamu ya siku ile, kweli umeme ulikatika saa tisa alasiri. Wino nao unabadilika, mara bluu mara nyeusi.

#29 Mteknolojia wa Bahi
Basi huyo ni mtu wa kweli. Ile 7.5 ndiyo inayomthibitisha. Mpishi wa karatasi haandiki 7.5.

#30 Mzee wa Mafaili
Mteknolojia umenipa somo hata mimi. Wakati wangu niliwahi kusaini pongezi kwa kuamini orodha niliyoletewa mezani, baadaye ikaonekana aliyefanya kazi hakuwemo. Sikuwahi kuisahau sura yake.

Sasa lile la usiku wa damu bado liko wazi. Ushauri wangu: barua ya pongezi, moja, kwa watu watano. Iwe na tarehe ya usiku ule, kila jina na alichofanya kwa sentensi moja, na kilichotokea kwa mama. Nakala kwenye faili la kila mmoja. Usitumie neno "kujitoa", usitumie "mfano". Andika "alishika taa dakika ishirini umeme ulipokatika".

#31 Ticha wa Kongwa
Mzee hapo sikubaliani. Barua ikiingia kwenye faili, siku ya kugombea cheo inatolewa. "Mimi nina tatu, wewe huna." Imekuwa silaha. Kwangu maneno ya mdomo yanatosha, yanakaa moyoni hayakai kabatini.

#32 Binti Kondoa
Ya mdomo nayo bosi akihamishwa yanaondoka naye. Mimi ningetaka barua. Tena ya watu watano siioni kuwa silaha, labda kwa wale 14 ambao hawakuwa zamu.

#33 Msomi wa Ng'ong'ona
Na muuguzi mwenyewe je? Alikuwa na pongezi yake peke yake, sasa anaigawa kwa watano. Hataona kama ananyang'anywa? Yeye ndiye aliyefunua shuka.

#34 Mama Wodi
Nilimwita jana nikamuuliza hilohilo. Nilimwomba radhi kwanza kwa ile sentensi ya tatu. Alisema kilichomuumiza ni kwamba asubuhi ile alikuwa amepanga yeye mwenyewe kumnunulia chai mhudumu aliyeshika taa, na baada ya ujumbe wangu hakuweza tena, ingeonekana anamhonga. Anataka barua ya watano, jina lake liwe katikati lisiwe la kwanza. Na Ijumaa atafundisha wenzake mambo ya semina, dakika arobaini, baada ya kukabidhiana zamu.

Wapo wawili ambao bado hawamsalimii. Hilo sijui nilifanyeje.

#35 Kizota Boy
Hao wawili waliomba semina ileile wakakosa? Nauliza tu.

#36 Mama Wodi
Mmoja ndiyo. Mwingine hapana, yeye alikuwa zamu usiku uliotangulia na kuna mtoto tulimpoteza. Hakuna aliyemwambia kitu.

#37 Dereva Mstaafu
Dada, huyo wa pili mfuate kabla ya barua kutoka. Usimpelekee shukrani. Kaa naye tu umsikilize usiku wake ulikuwaje.

#38 Mlinzi wa Geti la Pili
Naomba kuuliza. Mlinzi wenu wa usiku ule kama ni wa kampuni, barua yake inaingia faili lipi? Huku kwetu hatuna faili.

#39 Mzee wa Mafaili
Andika kwa mwajiri wake, yaani kampuni, na nakala apewe mlinzi mwenyewe mkononi, yenye mhuri wa kituo. Usimpe meneja wake ampelekee. Zinapotelea njiani.

#40 Mama Wodi
Wa kwetu ni wa kampuni kweli. Nilimuuliza usiku ule alifanya nini hasa, maana nilikuwa najua tu "alikuwepo". Alifungua geti, akatoa pikipiki mbili zilizokuwa zimeegeshwa nyuma ya ambulensi, akaenda kumgongea kijana wa maabara kwa miguu kwa sababu simu yake ilikuwa imezimwa. Kilomita moja na nusu, na tochi ya simu. Hilo halikuwa kwenye ripoti yoyote.

Naandika leo mchana, mhuri uko kwa mganga mfawidhi na anarudi kesho kutoka mjini.